UAKISI WA TONI, UREFU NA EMOJI KATIKA UJUMBE WA SIMU: KUTENGANISHA MVUTO UNAOKUA NA ADABU YA KUWEKA UMBALI, KWA MIFANO YA KABUNGU, MKOANI KATAVI

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna mabadiliko ya toni, urefu na emoji katika ujumbe wa simu yanavyoweza kusomwa kama dalili ya mvuto unaokua baina ya watu wawili, au kama adabu ya kuweka umbali. Nadharia iliyoongoza uchambuzi ni Nadharia ya Uoanifu wa Mawasiliano iliyoasisiwa na Howard Giles katika miaka ya 1970. Hoja kuu ni kwamba, katika Kiswahili, sehemu kubwa ya kufanana kwa majibu hutokana na wajibu wa salamu na heshima, hivyo haiwezi kuwa ushahidi wa mvuto. Ushahidi unapatikana katika sehemu ya ujumbe ambayo mjibuji hakulazimika kuijibu, lakini akaijibu. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa mazungumzo yaliyotungwa baina ya mkulima wa Kabungu na muuzaji wa pembejeo wa Mpanda mjini, kisha mipaka ya usomaji wa namna hiyo inaoneshwa.

1.0 Utangulizi

Kabungu ni kata ya vijijini katika Mkoa wa Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na kugawanywa kwa Mkoa wa Rukwa. Wakazi wa eneo hili hutegemea zaidi kilimo, na mahitaji yao mengi ya kibiashara na ya kiofisi huwapeleka Mpanda mjini. Eneo hili lina wasemaji wa lugha mbalimbali, wakiwamo Wabende, ambao ni miongoni mwa wenyeji, na Wasukuma, ambao wengi wao walihamia kutafuta malisho na mashamba. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, na kwa sasa sehemu kubwa ya Kiswahili hicho huandikwa katika simu.

Katika mazingira ya namna hii, uhusiano baina ya watu wawili mara nyingi huanza kwa shughuli: mbolea, nauli, vipimo vya zahanati au maendeleo ya mtoto shuleni. Namba hutolewa kwa ajili ya kazi, kisha ujumbe huanza kuvuka mpaka wa kazi. Hapo ndipo tatizo hujitokeza. Mmoja huona kwamba mwenzake anajibu kwa upole, anarudisha salamu na anatumia emoji zilezile, naye huhitimisha kuwa anapendwa. Mwenzake, kwa upande wake, anaweza kuwa anatimiza tu wajibu wa mtu aliyelelewa vizuri.

Kosa la usomaji huo lina gharama kwa pande zote mbili. Anayeendelea kutuma ujumbe usiotakiwa huwa msumbufu bila kukusudia, na katika jamii ambayo watu hukutana sokoni, msikitini, kanisani na msibani, aibu yake haifichiki. Anayepokea ujumbe huo hulazimika kuchagua baina ya kukata mawasiliano na kupoteza mteja, au kuendelea kujibu na kuonekana ametoa matumaini. Aidha, lipo kosa la upande wa pili: mtu aliyevutiwa kwa kweli, lakini anayeandika kwa stara, huweza kudhaniwa kuwa hataki.

2.0 Nadharia na Dhana za Msingi

Nadharia ya Uoanifu wa Mawasiliano inaeleza kuwa wazungumzaji hurekebisha namna yao ya kusema kwa kuwatazama wanaozungumza nao. Marekebisho hayo huchukua sura kuu tatu. Ya kwanza ni mkaribiano, ambapo mzungumzaji husogeza usemi wake uelekee ule wa mwenzake. Ya pili ni mwachano, ambapo husisitiza tofauti. Ya tatu ni udumishaji, ambapo hubaki na usemi wake wa awali hata mwenzake anapobadilika. Sura ya tatu ndiyo inayosahaulika kwa urahisi zaidi, na katika mada hii ndiyo yenye uzito mkubwa, kwa sababu adabu ya kuweka umbali hujitokeza zaidi kama udumishaji kuliko mwachano. Asiyetaka kusogea mara nyingi hasogei nyuma kwa ukali. Hubaki palepale kwa upole.

Uhusiano wa kufanana kwa usemi na mvuto umechunguzwa kwa vipimo. Ireland na wenzake (2011) walichambua mazungumzo 40 ya watu waliokutana kwa dakika chache kwa lengo la kutafuta wapenzi, wakabaini kuwa kufanana kwa matumizi ya maneno ya kisarufi, yaani yale yasiyobeba mada yenyewe, kulitabiri mvuto wa pande zote mbili. Katika uchunguzi wao wa pili walitumia ujumbe wa maandishi wa jozi 86 za wapenzi, na kufanana huko kulihusiana na uwezekano wa jozi kuwa bado pamoja miezi 3 baadaye.

Matokeo hayo, hata hivyo, hayawezi kuhamishiwa katika Kiswahili bila marekebisho. Kwanza, mengi ya majukumu yanayobebwa na maneno madogo ya Kiingereza hubebwa katika Kiswahili na viambishi ndani ya kitenzi, ambavyo mwandishi hana hiari ya kuviacha. Anayeulizwa "umefika?" hujibu "nimefika" kwa sababu ya sarufi, si kwa sababu ya mapenzi. Pili, Niederhoffer na Pennebaker (2002) walikwisha kutahadharisha kwamba kufanana kwa usemi hupima zaidi kiwango cha watu kushughulikiana kuliko kupendana; hata wanaogombana huweza kufanana, kwa kuwa kila mmoja anamsikiliza mwenzake kwa makini. Hivyo basi, kinachotakiwa ni kipimo kinachotenganisha kufanana kwa lazima na kufanana kwa hiari.

Katika makala hii, istilahi uakisi wa lazima inatumika kwa maana ya kurudisha kile ambacho desturi au sarufi inadai kirudishwe. Uakisi wa hiari ni kurudisha kile ambacho kingeweza kuachwa bila mtu yeyote kuonekana amekosa adabu.

3.0 Uakisi wa Lazima katika Salamu na Heshima

Salamu za Kiswahili ni mfano bora wa kile ambacho Schegloff na Sacks (1973) walikieleza kuhusu semi zinazokwenda kwa jozi, ambapo semi ya kwanza huifanya ya pili itarajiwe. "Shikamoo" hudai "marahaba". "Mambo" hudai "poa" au "safi". "Umeshindaje?" hudai "salama" au "nimeshinda vizuri". Asiyejibu huonekana ana kinyongo. Kwa sababu hiyo, mtu aliyepokea salamu ndefu na kurudisha salamu ndefu hajasema lolote kuhusu moyo wake.

Pamoja na salamu, yapo maneno ya ubinadamu yanayodaiwa na tukio. Ukitajwa ugonjwa, msiba, uchovu wa safari au mvua iliyoharibu shamba, mpokeaji hulazimika kusema "pole". Ikitajwa kazi, husema "hongera" au "pole na kazi". Ikitajwa safari, husema "safari njema". Maneno haya yana joto, lakini ni joto la wote. Muuguzi humpa kila mgonjwa. Mwalimu humpa kila mzazi. Emoji ya mikono iliyokutanishwa (🙏) imeingia katika kundi hilohilo: hutumika badala ya "asante", "pole", "amina" na "karibu", na huambatana kwa urahisi na ujumbe wa msiba kama inavyoambatana na ujumbe wa biashara. Kuirudisha ni wajibu, si ishara ya ukaribu.

Vilevile, maneno ya wito hubeba habari kubwa. "Kaka" na "dada" ni maneno ya heshima baina ya watu wa rika moja wasiofahamiana sana, na humweka anayeitwa ndani ya mipaka ya udugu. Mtu anapopokea sifa inayoelekea kwenye mapenzi na kujibu "asante kaka yangu", hajasahau jina la mwenzake. Ametumia undugu kama uzio, bila kumvunjia mwenzake heshima. Kwa upande mwingine, neno hilohilo katika ujumbe wa mwanzo halina maana ya uzio, kwa kuwa hakuna lolote lililokwisha kuombwa. Maana ya "kaka" hutegemea mahali lilipowekwa katika mfuatano wa mazungumzo.

4.0 Mfano wa Uchambuzi

Mazungumzo yanayofuata yametungwa kwa ajili ya ufafanuzi. Wahusika ni kijana mkulima wa Kabungu, anayeitwa hapa Mkulima, na mwanamke wa rika lake anayeuza pembejeo Mpanda mjini, anayeitwa Muuzaji. Wamekutana dukani mara mbili. Siku ya pili Muuzaji alimcheka kwa jinsi alivyofunga mifuko ya mbolea kwenye pikipiki.

4.1 Kiwango cha Awali

Mkulima: Habari za asubuhi dada. Mbolea ya kukuzia imefika?
Muuzaji: Nzuri kaka, habari yako. Imefika jana, karibu 🙏
Mkulima: Asante sana dada 🙏 nitakuja kesho na pikipiki.
Muuzaji: Sawa kaka, karibu sana 🙏

Mfuatano huu una uakisi kamili: salamu imerudishwa, "dada" imejibiwa kwa "kaka", na emoji moja imejibiwa kwa emoji ileile. Pamoja na hayo, hakuna dalili yoyote ya mvuto wala ya kuukataa. Kinachopatikana hapa ni kiwango cha awali cha Muuzaji: huandika maneno yasiyozidi manane, kwa tahajia kamili, hutumia 🙏 mwishoni, na humwita mteja "kaka". Bila kujua kiwango hiki, ujumbe wake wa baadaye hauwezi kupimwa.

4.2 Ujumbe wa Kujaribu Mpaka

Siku nne baadaye, saa 2 usiku, Mkulima anaandika:

Mkulima: Umeshindaje leo dada? Mvua ya huku Kabungu imelaza mahindi yote 😂 Nimejifungia ndani nakumbuka ulivyonicheka nilipofunga ile mifuko vibaya 😂

Ujumbe huu una maneno 18, na ndani yake mna mambo mawili yanayodai jibu na mawili yasiyodai. Yanayodai ni salamu "umeshindaje" na habari ya mvua iliyolaza mahindi. Yasiyodai ni utani, unaobebwa na emoji ya kicheko, na kumbukumbu ya siku ile dukani. Kumbukumbu ndiyo kiini cha jaribio, kwa kuwa inadai kwamba yapo mambo ambayo wawili hao wanayashiriki nje ya mbolea.

Tuchukulie kwanza kuwa Muuzaji anajibu hivi:

Muuzaji: Nimeshinda salama kaka, asante. Pole sana kwa mvua 🙏

Kwa jicho la haraka jibu hili ni zuri: limewahi, lina shukrani, lina pole na lina emoji. Likichambuliwa, linaonekana limejibu mambo mawili ya lazima na kuyaacha yote mawili ya hiari. Kicheko hakikurudishwa; badala yake 🙏 ya dukani imerudi, na mvua iliyotajwa kwa utani imepokewa kama tatizo linalostahili pole. Kumbukumbu ya mifuko haikuguswa. Urefu umebaki kwenye maneno manane, ilhali Mkulima alipanda hadi 18. Hakuna swali lililorudishwa. Huu ndio udumishaji: mwenzake amesogea, yeye amebaki alipokuwa, kwa adabu timilifu.

Tuchukulie sasa kuwa jibu ni hili:

Muuzaji: 😂😂 Nimeshinda salama. Ile mifuko ungeimwaga yote kabla hujatoka mjini! Hayo mahindi yataamka kweli? Na huko ndani unakula nini mwenyewe 😂

Hapa salamu imejibiwa kwa maneno mawili tu, na uzito wote umewekwa katika yale yaliyokuwa ya hiari. Kicheko kimerudishwa mara mbili kabla ya neno lolote. Kumbukumbu imepokelewa na kuongezwa sehemu ambayo Mkulima hakuitaja, yaani mifuko kumwagika. Utani wa mahindi "kulala" umeendelezwa kwa "kuamka". Urefu umefikia maneno 19. "Kaka" imeondoka bila neno jingine kuchukua nafasi yake. Juu ya yote, pameongezwa maswali mawili, na la pili halihusu shamba wala duka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba jibu la kwanza lina adabu zaidi kuliko la pili. Lina "asante", "pole sana" na "kaka". Anayetafuta mvuto kwa kuhesabu maneno ya upole atalichagua jibu lisilo sahihi. Katika Kiswahili, upole unapozidi mahali ambapo utani umeshafunguliwa, mara nyingi huwa ni mlango unaorudishwa taratibu.

4.3 Jibu la Katikati

Lipo pia jibu la tatu, ambalo huwachanganya wengi:

Muuzaji: 😂😂😂

Emoji imeakisiwa, tena imezidishwa, lakini hakuna neno. Jibu la namna hii hukiri kwamba utani umesikika, ila halimpi mwenzake kitu cha kushika ili aendelee. Hali kadhalika kwa alama inayobandikwa juu ya ujumbe katika WhatsApp, huduma iliyoongezwa mwaka 2022: huonesha kuwa ujumbe umesomwa na kupokelewa, na papo hapo humwezesha mpokeaji kutoandika. Likitokea mara moja, jibu hili halina uzito, kwa kuwa huenda mtu alikuwa na mteja mbele yake. Likiwa ndilo jibu la kila ujumbe usio wa biashara, basi ni namna ya kufunga mazungumzo kwa tabasamu.

5.0 Mwelekeo wa Uakisi: Nani Alisogea Kwanza

Kufanana kwa ujumbe wa watu wawili hakuoneshi nani alimfuata nani. Mkulima aliyevutiwa huweza kuanza kuandika kama Muuzaji: kwa tahajia kamili, kwa 🙏 na kwa sentensi fupi. Baada ya wiki mbili, ujumbe wao utafanana kabisa, naye ataona wamekuwa kitu kimoja. Kumbe uakisi wote ni wa kwake. Mwenzake hajabadilika hata kidogo tangu siku ya kwanza.

Ili kuepuka kosa hili, mazungumzo husomwa kwa kuangalia mahali pa mabadiliko. Huchaguliwa sifa moja, kwa mfano tahajia. Ikiwa mmoja alikuwa akiandika "sijui" na "sasa", na mwenzake "cjui" na "xaxa", nani alihamia kwa mwenzake? Kisha huchaguliwa sifa ya pili, kama aina ya emoji, na ya tatu, kama urefu. Sifa zote tatu zikionesha kuwa mtu mmoja tu ndiye anayehama, huo ni mvuto wa upande mmoja. Zikionesha kuhama kwa zamu, mmoja akichukua neno la mwenzake leo na mwenzake akichukua lake kesho, hapo ndipo pana mkaribiano wa pande mbili.

Dalili iliyo thabiti kuliko zote tatu ni ile isiyoweza kuitwa uakisi, yaani kuanzisha. Anayejibu huwa tayari amepewa toni, urefu na emoji za kufuata. Anayeanzisha hana cha kufuata. Ikiwa katika jibu la pili la mfano uliotangulia Muuzaji ataandika siku tatu baadaye, bila kuulizwa, "Mbona kimya? Mahindi yameamka? 😂", ametumia utani wao wenyewe kufungua mazungumzo mapya, na hakuna wajibu wa adabu uliomsukuma. Katika jibu la kwanza, Mkulima akinyamaza, Muuzaji naye atanyamaza hadi mbolea itakapofika. Ukimya huo nao ni uakisi, na huonesha kuwa kilichokuwa kikiyabeba mazungumzo ni mtu mmoja.

6.0 Mipaka ya Usomaji

Yapo mambo manne yanayoweza kufanya ujumbe uonekane wa umbali ilhali sivyo, au wa mvuto ilhali sivyo.

La kwanza ni simu yenyewe. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160 zikiwa za Kilatini za kawaida. Ikiongezwa emoji moja tu, mfumo wa usimbaji hubadilika na nafasi hushuka hadi herufi 70, hivyo ujumbe uleule huweza kuhesabiwa kuwa mbili. Tena, baadhi ya simu za kitochi huonesha kisanduku kitupu mahali pa emoji. Anayetumia simu ya namna hiyo huandika kwa ufupi na bila emoji hata akiwa na mapenzi makubwa. Bando likiisha, aliyezoea WhatsApp hurudi kwenye ujumbe wa kawaida, na mtindo wake hubadilika ghafla bila moyo wake kubadilika.

Njia ya kutambua ni kulinganisha mada. Tatizo la mtandao, chaji au bando huathiri ujumbe wote kwa usawa: wa mbolea utachelewa kama unavyochelewa wa mzaha. Umbali wa adabu huchagua. Ujumbe wa mbolea hujibiwa ndani ya dakika chache, na wa mzaha hujibiwa kesho yake kwa "samahani kaka, nilikuwa nimelala". Tofauti hiyo ikijirudia, sababu si mtandao.

La pili ni lugha ya kwanza na malezi. Mtu aliyekulia katika Kisukuma au Kibende, na ambaye Kiswahili cha kuandika alikipata shuleni, huweza kuandika Kiswahili cha darasani kwa kila mtu, wakiwamo ndugu zake wa karibu. Urasmi wake si ukuta. Kinachofaa kutazamwa ni kama urasmi huo unalegea polepole, si kama unafikia ulegevu wa kijana wa mjini.

La tatu ni utani wa kikabila na wa kimazoea. Watani hutaniana kwa maneno makali na vicheko vingi pasipo kuchukuliana kwa namna ya mapenzi. Mahali ambapo utani ndio kiwango cha awali, 😂 haina uzito ambao ingekuwa nao baina ya mteja na muuzaji. Mabadiliko ya kutazamwa huko huwa kinyume: anayewahi kutania sana huanza kuandika kwa utulivu, kuuliza kwa dhati na kukumbuka alichoambiwa wiki iliyopita.

La nne ni stara na simu ya pamoja. Mwanamke anayeishi na wazazi, au mtu anayetumia simu moja na ndugu yake, huandika akijua kuwa wengine watasoma. Ujumbe wake wa usiku unaweza kuwa mkavu na wa mchana ukawa mchangamfu. Katika hali hii emoji na urefu hupungua, lakini maswali hubaki. "Umefika salama kaka?" ni ujumbe wa maneno matatu usio na emoji, wala hauwezi kumwaibisha aliyeutuma, bali ni ujumbe ulioanzishwa. Kwa mtu wa stara, kuanzisha na kuuliza huwa na uzito kuliko kicheko chochote.

7.0 Pale Dalili Zinapogongana

Hutokea kwamba toni ni ya karibu lakini urefu ni mfupi, au emoji zinarudi lakini maswali hayarudi. Katika hali kama hiyo, kuendelea kuzisoma dalili hakuleti uhakika zaidi, kwa kuwa anayetamani jibu fulani huipa uzito dalili inayomfurahisha. Kinachosaidia ni hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni kurudi kwenye kiwango cha awali na kukaa hapo kwa muda. Mkulima huacha ujumbe wa usiku na kubaki na wa biashara. Ikiwa Muuzaji alihitaji nafasi, ameipata bila kuomba. Ikiwa alikuwa na mvuto, nafasi ya kuanzisha iko wazi.

Hatua ya pili, endapo bado pana sababu ya kuuliza, ni kuuliza mara moja kwa maneno ya wazi yanayotenganisha biashara na moyo. Mfano: "Dada, ningependa tufahamiane zaidi ya habari za mbolea. Kama haifai, niambie tu bila wasiwasi. Dukani nitaendelea kuja kama kawaida." Ujumbe huu unaondoa hofu iliyokuwa ikimlazimisha Muuzaji kujibu kwa adabu yenye utata, yaani hofu ya kupoteza mteja. Jibu kama "asante kaka, tubaki hivi hivi tu" ni kamili na halihitaji kufasiriwa. Jibu kama "ngoja kwanza tuvune 😂" bado lina utata, na tafsiri iliyo salama ni kulichukua kama hapana hadi Muuzaji mwenyewe atakapolirudia jambo hilo. Ukimya nao hupewa tafsiri hiyohiyo.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa uakisi wa toni, urefu na emoji hauna maana moja. Katika Kiswahili, salamu, pole, wito wa udugu na emoji ya shukrani hurudishwa kwa wajibu, na mtu anayeweka umbali kwa adabu huvirudisha vyote kwa ukamilifu. Mvuto hujitokeza pale mjibuji anapookota kilichokuwa kinaweza kuachwa, akakiongezea cha kwake, akauliza, na siku nyingine akaanzisha yeye. Usomaji huo hudai kujua kwanza mtu huyo huandikaje siku zote, na nani alisogea kabla ya mwenzake. Pale ambapo simu, stara, utani au lugha ya kwanza vinaficha dalili, swali moja la wazi lenye njia rahisi ya kukataa humtendea haki aliyeuliza na aliyeulizwa.